Ripoti Iliyochapwa Vizuri Mno

Siku hizi ripoti ya shule ikichapwa kutoka kwenye picha, inasifiwa kwa usafi: jedwali limenyooka, hakuna pengo, hakuna alama ya kuuliza. Usafi huo ndio wa kutilia shaka kwanza. Picha ya ripoti ya kidato cha tatu, iliyopigwa kwa simu huku muhuri ukiwa umegongwa juu ya maandishi, haiwezi kutoa nakala isiyo na pengo bila mtu kubuni kitu. Ukichukua nakala, anza na maoni ya mwalimu. Ukikuta "Ana uwezo MKUU WA aongeze juhudi 06 DES", mchapaji amesoma wino bila kuuliza ni wa nani. Maneno ya muhuri yana mahali pake, pamoja na tarehe yake, hata kama kwenye karatasi yamelala juu ya sentensi ya mwalimu. Alama nazo zikae safu yake na daraja safu yake, tarakimu zikipangwa kulia. Hilo la kulia halina mjadala.

Lakini kinachowaponyoka wengi ni daraja lisilolingana na alama. Tuseme ripoti ina Hisabati 41, Kiswahili 72, Kiingereza 58, Historia 66, Jiografia 53, na Biolojia 64 yenye daraja B. Kemia imefunikwa na muhuri, alama na daraja pia; jumla ni 419. Kwa viwango vya sekondari Tanzania, B huanzia 65, kwa hiyo mchapaji "makini" hugeuza B ya Biolojia kuwa C. Kisha hutoa masomo sita kwenye jumla, anapata Kemia 65, anaandika B kwa kujiamini. Hesabu yake ni sahihi, ila inategemea ile 64. Kama mwalimu alikusudia 65 na kalamu ikateleza, Kemia ni 64, nayo ni C. Masomo mawili yamebadilishana daraja, na hakuna atakayejua, kwa sababu B iliyokuwa ushahidi imefutwa.

Watasema mzazi anataka ripoti sahihi, si makosa ya mwalimu. Ni kweli, ila wa kusahihisha ni shule, yenye daftari la alama. Mchapaji ana picha tu. Aache 64 na B kama zilivyo, Kemia aandike [haisomeki], na hesabu yake aiweke chini kabisa, nje ya jedwali. Vivyo hivyo kistari mahali pa alama kibaki kistari, kwani sifuri ni alama na kutofanya mtihani ni jambo jingine. Nakala yenye Kemia [haisomeki] na B isiyolingana ndiyo ya kulipia. Ile safi irudishwe kwa aliyeichapa pamoja na picha.