Kipimajoto hakioni upepo: nimesoma pendekezo la tasnifu la mwenzetu

Mwenzetu wa usanifu majengo amenipa pendekezo lake nilisome, na ameniruhusu nilichambue hapa bila kutaja jina lake. Limesharudishwa mara mbili. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa "Usanifu endelevu kwa nyumba za kitropiki: mfano wa Dar es Salaam". Kusema kweli, hicho si kichwa, ni jina la idara. Huwezi kukikosea, na ndiyo shida yake: hakuna matokeo yoyote ambayo yangemfanya mwandishi aseme, "Kumbe nilidhani vibaya."

Nilipomuuliza ni nini hasa kilichomsukuma, akajibu kwa sentensi moja. Kwao walitoa madirisha ya luva, wakaweka ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, na tangu hapo mama yake analala sebuleni kwa sababu chumbani hakulaliki. Sasa hapo kuna kitu. Dirisha la kusukuma, hata ukilifungua lote, kioo kimoja kinabaki mbele ya kingine, kwa hiyo karibu nusu ya nafasi haipitishi hewa. Luva zikilala sawasawa, karibu nafasi yote iko wazi. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.44, ukilibadilisha unabaki na kama 0.72. Swali likazaliwa: je, kupunguza uwazi wa dirisha kwa nusu kunapunguza kwa kiasi gani mwendo wa hewa kitandani usiku, na je, mlalaji anahisi tofauti?

Toleo la pili lilikuwa na swali hilo, na nililifurahia mpaka nilipofika kwenye mbinu. Humo kuna vipimajoto vya kujirekodi katika nyumba 20, kumi za luva na kumi za aluminiamu, kila dakika 15 kwa mwezi mzima. Swali linahusu upepo, chombo kinapima joto! Washa feni chumbani halafu tazama kipimajoto: hakishuki. Feni haipoozi hewa, inaondoa joto na jasho mwilini. Vyumba viwili vinaweza vyote kuandika nyuzi 29 na unyevu uleule, na kimoja kikalalika, kingine kisilalike. Angekusanya maelfu ya namba, akakuta hakuna tofauti, akahitimisha kwamba dirisha si tatizo. Lingekuwa kosa, tena lenye majedwali mazuri.

Vipimajoto visitupwe, vinaeleza hali ya chumba. Ila kinachohitajika zaidi ni kipimakasi cha upepo chenye uwezo wa kusoma mwendo mdogo sana, chini ya mita 0.2 kwa sekunde, kikiwekwa usawa wa kitanda. Kile cha vikombe vinavyozunguka hakifai, kwani ndani ya chumba hakitasogea kabisa.

Kosa la pili limejificha kwenye hizo nyumba 20. Nyumba za luva mara nyingi ni za zamani, zina dari ya juu na miti uani. Za aluminiamu ni mpya, zimebanana na ukuta wa jirani. Ongeza wavu wa mbu, ambao nao unakata upepo, na watu wanaofunga madirisha usiku kwa hofu ya wezi. Tofauti ikionekana, utasema ni dirisha au ni mti?

Ningemshauri apunguze: vyumba vinne tu, vyote vya luva, kila kimoja kijilinganishe chenyewe. Usiku mmoja dirisha liwe wazi lote. Usiku mwingine nusu yake izibwe kwa plaiwudi, kana kwamba ni la kusukuma. Usiku upi uzibwe, bahati nasibu iamue. Wavu ubaki uleule, feni izimwe kwa saa zilizokubaliwa, na asubuhi mlalaji ajibu maswali matatu kabla hajaoga. Upepo wa nje urekodiwe pia, maana usiku ambao nje kumetulia, dirisha lolote halina cha kupitisha.

Atapoteza kitu. Vyumba vinne havisemi lolote kuhusu Dar nzima, na plaiwudi si kioo cha aluminiamu. Aandike hivyo waziwazi kwenye mipaka ya utafiti, badala ya lile neno "mfano wa Dar es Salaam" linaloahidi jiji zima. Na mlalaji ataiona plaiwudi, kwa hiyo majibu yake peke yake hayatoshi. Ndiyo maana kipimakasi lazima kiwepo.

Ratiba yake nayo inaweka vipimo mwezi Julai, kwa kuwa ndipo chuo kinafunga. Julai Dar kuna ubaridi wa kusi, mama mwenyewe hulala chumbani kwake bila shida. Joto analolitafuta liko kati ya Desemba na Machi, akikosa anasubiri mwaka. Vifaa vya maabara vinaazimwa kwa foleni, na alipoulizia wiki iliyopita alikuwa wa tano.