Dakika arobaini za andalio si arobaini za darasani

JUMA lililopita niliketi nyuma ya darasa moja la sekondari kumtazama mwalimu tarajali akifundisha virejeshi. Wanafunzi walikuwa 48. Andalio lake lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula, na dakika zake zilijumlishwa bila kosa: utangulizi 5, maelezo 10, majadiliano ya makundi 10, zoezi 10, hitimisho 5. Chini kabisa aliandika kwamba watakaomaliza mapema wasome kimyakimya shairi lililo katika ukurasa unaofuata.

Ulinganifu huu unapendeza jicho, na mkaguzi anayepita haraka angetia sahihi. Mimi ulinitia shaka. Kumi, kumi, kumi: ni nadra kazi tatu tofauti kuchukua muda sawa. Mtu anapogawa somo hivyo huwa hajapima kazi, amegawa saa.

Sasa hebu tuone yaliyotukia. Kipindi kilianza saa mbili na dakika arobaini, yaani sekunde ileile ambayo kipindi cha hesabu kilikuwa kinaisha. Ratiba za shule zetu nyingi hazina mwanya kati ya vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu wa hesabu akatoka, wetu akaingia, ubao ukafutwa, vitabu vikabadilishwa. Dakika 3 zikaenda. Utangulizi ukaisha dakika ya 9, maelezo dakika ya 21. Kisha wanafunzi wakaambiwa wakae katika makundi ya watu sita. Madawati yakaburutwa, kiti kimoja kikavunjika mguu, na majadiliano yenyewe yakaisha dakika ya 33. Zoezi lililopangiwa dakika 10 likabaki na 7. Hitimisho halikufika. Kengele ililia darasa likiwa limekwama katika sentensi ya nne.

Hiyo sentensi ya nne ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Zoezi lilitaka wanafunzi waunganishe sentensi mbili kwa kutumia kirejeshi. Ya kwanza: Mtoto analia. Mtoto ni wangu. Jibu ni "Mtoto anayelia ni wangu", au "Mtoto ambaye analia ni wangu". Ya pili ilikuwa ya kitabu kilichopotea, ya tatu ya miti iliyoanguka. Ya nne ikawa hivi: Ukuta utajengwa. Ukuta ni mrefu. Wanafunzi wengi niliowachungulia waliandika "ukuta utaojengwa". Na nani atawalaumu? Wamefundishwa kwamba kirejeshi huja baada ya kiambishi cha wakati, nao wamekiweka papo hapo. Hakuna aliyewaambia kwamba -ta- hugeuka -taka- kinapopokea kirejeshi, ndiposa tukapata "utakaojengwa". Mwalimu alikuwa ameficha somo jingine ndani ya sentensi moja ya zoezi, kisha akalipa dakika 2.

Nilimuuliza baadaye kama alilifanya zoezi lile mwenyewe kabla ya kuingia. "Mwalimu, ni sentensi tano tu," akanijibu. Angelifanya kwa kalamu, bila kuruka, angeliona lile jabali. Mimi zoezi ninalolimaliza kwa dakika 3 hulipangia 10 hadi 12, kwa sababu mwanafunzi anasoma, anasitasita, anafuta, anatafuta kalamu iliyoanguka.

Upande wa pili wa darasa wasichana watatu walikuwa wamemaliza kwa dakika 4, na "utakaojengwa" wakalipata. Je, walisoma shairi? Wapi! Mmoja alifungua ukurasa, akaufunga. Wa pili alisogeza daftari lake kidogo upande wa jirani, na baada ya muda mfupi dawati zima lilikuwa na majibu sawa. Wa tatu alitazama dirishani. Kosa si lao. Shairi lile halikuhusu virejeshi, hakuna aliyelitarajia lisomwe wala aliyeuliza limesema nini. Ilikuwa kazi ya kuwanyamazisha, na wanafunzi hodari huijua kazi ya namna hiyo kwa harufu.

Kazi ya ziada inayofaa ina sifa zake. Haihitaji maelezo mapya, kwa kuwa mwalimu wakati huo yuko kwa wanaotatizika. Inakaa ndani ya mada ileile lakini inachimba. Inaweza kukatizwa wakati wowote bila hasara. Na asiyeifikia asikose kitu ambacho somo lijalo litamdai.

Kwa somo hili ningeandika pembeni mwa ubao vifungu vitatu tu: mgeni ambaye atakuja, mgeni ambaye amekuja, mgeni ambaye hakuja. Amri iwe fupi: ondoa amba- bila kubadilisha maana, kinachokataa, andika kwa nini. Cha kwanza kinatoa "mgeni atakayekuja". Cha pili kinagoma, maana kiambishi cha hali timilifu -me- hakipokei kirejeshi. Mwanafunzi atajikuta kwa "aliyekuja" na kuanza kubishana na nafsi yake iwapo maana ni ileile. Cha tatu kinatoa "asiyekuja", lakini tazama, wakati umepotea! "Hakuja" ni jana. "Asiyekuja" huweza kuwa wa jana, wa leo au wa siku zote. Dakika 8 zinaweza kwisha hapo bila mtu kutazama dirishani. Somo lijalo mwalimu aanze na -ta- kwa wote, na wale watatu ndio watakaoeleza walichokiona.

Zoezi kuu nalo lipunguzwe. Sentensi ya ukuta iondoke. Mahali pake pawekwe kosa tunalolisikia kila siku, hata redioni: "mtoto ambaye anayelia". Hapo kirejeshi kimetiwa mara mbili, -ye ya amba- na -ye- ya kitenzi, ilhali moja ingetosha. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini lile ni kosa, ameelewa somo. Asipoweza, majibu matano sahihi katika daftari hayanithibitishii chochote.

Tukipanga upya, ningetoa dakika 3 za kuingia na kutulia, 4 za kuanzisha kwa sentensi mbili ubaoni, 8 za wanafunzi kutafuta kanuni wao wenyewe na jirani wa dawatini, 5 za mwalimu kuiweka sawa, 12 za zoezi, 5 za kusahihisha na 3 za kufunga. Ni 40 zilezile. Makundi ya watu sita yameondoka kwa kuwa yanakula muda wa kuhamisha madawati. Na kusahihisha kumepata nafasi yake, ambayo katika andalio la awali haikuwapo. Lilisema tu kwamba mwalimu atasahihisha akizunguka. Madaftari 48 kwa dakika 10 ni sekunde kumi na mbili na nusu kwa kila moja, hata bila kutembea. Heri wabadilishane madaftari na majibu yasomwe kwa sauti.

Hata mpango huu utavurugika siku ambayo gwaride litarefushwa. Kwa hiyo ningeweka alama ya nyota, kabla ya kuingia darasani, penye sehemu itakayokatwa kwanza. Kwangu ni ile ya kuanzisha: sentensi moja badala ya mbili. Wengi hukata mwisho, kwa sababu mwisho ndio unaokutana na kengele, na hivyo hutoka bila kujua nani ameelewa.

Tarajali wetu alikuwa ameshajaza safu ya maoni. "Somo lilifaulu," aliandika, kwa wino uleule wa andalio. Nilipomuuliza aliandika lini, akacheka kwa haya: jana usiku, Mwalimu.