Lebo ya Mkandani: Kusoma Helmeti Bandia Pichani

Matangazo ya helmeti za pikipiki huonyesha rangi, kioo na ubavu unaong'aa. Picha yenye habari hasa ni ile ambayo wauzaji wengi huiacha: mkanda wa kidevuni umefunguliwa, lebo inasomeka. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa inataka alama ya uthibitisho ishonwe kwenye mkanda huo. Stika ya “ECE” iliyobandikwa kisogoni haithibitishi chochote.

Tuseme muuzaji ametuma picha, na lebo ina E3 ndani ya duara, kisha 061234/J-5678. E3 ni Italia, nchi iliyotoa idhini. Wanunuzi huikataa bure helmeti halali kwa kuwa imeandikwa E3 ilhali imetengenezwa China. Idhini na kiwanda si lazima viwe nchi moja. Tarakimu 06 ni toleo la kanuni lililoanza kutumika 2021, na la kabla yake huandikwa 05. Halafu inakuja herufi. J ni ya helmeti isiyo na kinga ya kidevu, P ni ya ile yenye kinga hiyo, na zile ambazo kidevu chake hufunuka juu huweza kubeba zote mbili. Kwa hiyo kama helmeti iliyo pichani inafunika uso mzima na kidevu chake hakifunuki, J peke yake inatosha kuonyesha kwamba lebo hiyo si yake.

Zile 5678 za mwisho ni namba ya helmeti yenyewe. Muuzaji aombwe picha ya helmeti ya pili: namba ikijirudia, lebo zimechapwa kwa mkupuo.

Mshono nao husema. Safu mbili za matundu ya sindano, moja haina uzi, zinatia shaka kwamba lebo imehamishwa. Gamba la nje ni shahidi dhaifu zaidi. Mwanga wa dirisha ukipita juu yake kwa mawimbi, kalibu au rangi haikufanywa vizuri, lakini hata helmeti halali ya bei nafuu huweza kuwa hivyo. Afadhali kutazama ndani. Nchini Marekani, wakala wa usalama barabarani, NHTSA, hutahadharisha kuhusu helmeti ambazo povu gumu la ndani halifiki sentimita 2.5.

Kwa viti vya gari vya watoto, gamba linageuka kuwa shahidi mkuu. Uingereza kumeuzwa mtandaoni viti vya kitambaa kitupu: mto na mikanda, bila gamba gumu. Lebo ya chungwa ya Kanuni namba 44 ya Umoja wa Mataifa inaweza kuigwa, ila pichani kiti hicho hujikunja kama begi tupu, na mkanda wa bega umeshonewa kwenye kitambaa chenyewe. Maafisa wa biashara wa Surrey walipokijaribu kimoja kwa mgongano, mikanda ilikatika na mwanasesere akarushwa mbele.