Kiarabu na Kiingereza katika Ukurasa Mmoja: Uhakiki wa Desturi ya Kusahihisha kwa Jicho

Makala haya yanakusudia kuhakiki desturi moja ambayo imeota mizizi miongoni mwa wahariri wa matini zinazochanganya hati ya Kiarabu na hati ya Kilatini. Desturi yenyewe ni hii: mhariri huandika maelezo yake kwa Kiingereza, akatia ndani yake dondoo ya Kiarabu, kisha akaona kwamba nukta imekaa mahali pasipo pake, au kwamba kurasa alizozitaja zimegeuka nyuma mbele. Hapo husema kuwa tarakilishi imekosea, naye hushika alama moja moja na kuisogeza mpaka ukurasa umpendeze machoni. Tunadai kwamba tarakilishi haikukosea, na kwamba masahihisho ya namna hii ndiyo yanayoiharibu matini. Madhara yake ni makubwa kwetu sisi tunaoshughulika na nyaraka za pwani, kwa kuwa nyingi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu na sasa zinahaririwa kwa maelezo ya Kiingereza.

1. Mpangilio wa kuwekwa na mpangilio wa kuonekana

Msingi wa jambo hili ni kutofautisha mipangilio miwili. Wa kwanza ni ule ambao herufi huhifadhiwa nao katika tarakilishi, nao hufuata matamshi: herufi inayosomwa kwanza ndiyo inayowekwa kwanza, iwe ya Kiarabu au ya Kiingereza. Wa pili ni mpangilio wa kuonekana, ambao hutengenezwa wakati mstari unapochorwa. Utaratibu wa Yunikodi, ambao ndio unaofuatwa na karibu programu zote za leo, una kanuni za kutoka mpangilio wa kwanza kuingia wa pili, na kanuni hizo huigawa kila alama katika tabaka lake.

Herufi za Kilatini zina nguvu ya kwenda kulia. Herufi za Kiarabu zina nguvu ya kwenda kushoto. Tarakimu ni dhaifu: zenyewe husomeka kutoka kushoto, lakini mahali pa kukaa huamuliwa na jirani zake. Nafasi, mabano na alama nyingi za uakifishaji hazina mwelekeo wowote. Zikiwa kati ya herufi mbili za mwelekeo mmoja, huufuata mwelekeo huo. Zikiwa mpakani, huufuata mwelekeo wa fungu zima la maneno.

Kanuni hii ya mwisho inaeleza kisa cha nukta. Fungu la Kiingereza likimalizika kwa sentensi ya Kiarabu, nukta ya mwisho iko mpakani. Kwa hiyo hufuata Kiingereza na kukaa kuliani, yaani mbele ya neno la kwanza la Kiarabu, na msomaji huona kana kwamba sentensi imeanza kwa nukta. Lakini kiulizi cha Kiarabu hakifanyi hivyo, kwa sababu Yunikodi imekihesabu pamoja na herufi za Kiarabu zenye nguvu. Ndiyo maana katika ukurasa mmoja huenda maswali yakakaa sawa, na sentensi za kawaida zikapotoka. Anayelaumu mashine huona hapo kigeugeu; kwa hakika ni kanuni moja tu.

2. Mfano: historia ya Kilwa

Tuchukue mfano ambao wengi wetu watakutana nao. Mwaka 1895 Arthur Strong alichapisha matini ya Kiarabu ya historia ya Kilwa, Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Asia, kurasa 385 hadi 430. Tuseme mhariri anaitaja kazi hiyo katika maelezo yake ya Kiingereza na anaandika jina la kitabu kwa hati ya Kiarabu. Ili tuone wazi kinachotendeka, tutatumia herufi kubwa kuwakilisha Kiarabu, kama wafanyavyo wataalamu wa uwanja huu. Jina la Strong lenyewe tumeliacha kwa hati ya Kilatini. Mhariri anapiga chapa hivi:

```
Strong, KITAB ALSULWA, 1895, 385-430.
```

Nacho kinachoonekana katika ukurasa ni hiki:

```
Strong, 430-385 ,1895 ,AWLUSLA BATIK.
```

Tufuate hatua kwa hatua. Tarakimu za 1895, 385 na 430 hutafuta nyuma yao herufi ya karibu yenye nguvu, nazo huikuta ya Kiarabu. Basi huhesabiwa kuwa tarakimu za Kiarabu, ingawa umbo lao ni la Kizungu. Mikato na nafasi zilizo kati yake zimezungukwa na Kiarabu pande zote, kwa hiyo zinaelekea kushoto. Kistari nacho kina hukumu ya pekee. Kati ya tarakimu mbili za Kizungu huunganishwa nazo, na kurasa husomeka sawa. Kati ya tarakimu zilizohesabiwa kuwa za Kiarabu hupoteza haki hiyo, kikawa alama isiyo na mwelekeo. Matokeo yake ni kwamba kila nambari imebaki nzima ndani yake, lakini nambari zenyewe zimepangwa kutoka kulia. Nukta ya mwisho, kwa kuwa iko mpakani, imebaki kulia.

Inafaa ieleweke kwamba katika fungu la Kiarabu mpangilio huu ni sahihi kabisa. Msomaji wa Kiarabu hutoka kulia, hukutana na 385 kwanza, kisha 430. Kosa limo katika kuichukua sehemu ya Kiingereza na kuiingiza katika nyumba ya Kiarabu bila ya kuweka mlango kati yao.

Mhariri wetu akisahihisha kwa jicho, ataandika 430-385 ili ionekane 385-430. Ukurasa utapendeza. Lakini sasa kilichohifadhiwa ni uongo: anayetafuta 385-430 hataupata, na siku ambayo jina la kitabu litaandikwa upya kwa hati ya Kilatini, kurasa zitageuka tena, wala hapatakuwa na mtu wa kukumbuka sababu.

3. Makosa yasiyojitangaza

Kosa la kurasa lina heri kwa kuwa hujitangaza: hakuna kitabu kinachosomwa kutoka ukurasa wa 430 kwenda 385. Yapo mengine yanayonyamaza. Chukua rejeo la Kurani lililoandikwa kwa kistari baada ya neno la Kiarabu, 3-7, yaani sura ya tatu, aya ya saba. Katika ukurasa litaonekana 7-3. Msomaji atafungua sura ya saba, nayo ina aya ya tatu. Atasoma aya hiyo na kuijengea hoja. Hakuna kitakachomzindua, maana rejeo lote mbili zipo.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Tarehe 2-5-1895 ikifuata neno la Kiarabu huonekana 1895-5-2, na hapo mwaka wa tarakimu nne hutuokoa. Mwaka ukifupishwa kuwa tarakimu mbili, hakuna cha kutuokoa.

Hapa kuna jambo ambalo wahariri wachache wanalijua, na lina manufaa. Mkwaju, nukta mbili na nukta moja vina hukumu tofauti na kistari: alama moja ya aina hiyo, ikiwa imebanwa kati ya tarakimu mbili za tabaka moja, huunganishwa nazo hata zikiwa zimehesabiwa kuwa za Kiarabu. Kwa hiyo 3:7 hubaki 3:7, na 2/5/1895 hubaki kama ilivyo. Tofauti ya mwaka wa Hijra na wa Miladi, 1312/1895, ni salama kwa mkwaju na hugeuka kwa kistari. Lakini nafasi ikitiwa kando ya alama hiyo, kinga huondoka. Kwa kurasa hatuna budi kutumia kistari, basi kwa kurasa lazima tutafute dawa nyingine.

4. Dondoo inayovuka mstari

Tatizo la mpangilio wa ukurasa hudhihirika zaidi dondoo inapovuka mwisho wa mstari. Kanuni ni kukata mistari kwanza kwa kufuata matamshi, kisha kugeuza kila mstari peke yake. Donald Knuth na Pierre MacKay, walipoandika mwaka 1987 kuhusu kuchanganya mielekeo miwili katika programu ya TeX, walilifanya hili kuwa kiini cha utaratibu wao. Jina la kitabu chetu likikatwa ipasavyo huonekana hivi:

```
Strong alihariri AWLUSLA BATIK
AWLUK RABHKA IF, mwaka 1895
```

Mstari wa kwanza una mwanzo wa jina, wa pili una mwisho wake. Lakini wapo waliokuwa wakiigeuza dondoo kwa mkono, herufi kwa herufi, katika programu zisizojua Kiarabu, na matini hizo bado zinanakiliwa. Dondoo kama hiyo ikikatwa, huwa hivi:

```
Strong alihariri AWLUK RABHKA IF
AWLUSLA BATIK, mwaka 1895
```

Jina sasa linaanza katika mstari wa pili na kuishia katika wa kwanza. Katika ubeti, ambapo vipande vina vina vya kutambulisha mwisho, jambo hili hugunduliwa upesi. Katika nathari huweza kupita mikononi mwa wasomaji wengi. Dalili ya kuitambua ni rahisi: panua ukingo wa ukurasa, na kama maneno ya Kiarabu yanabadili mfuatano wake wa kusomwa, basi yamehifadhiwa kinyume.

5. Dawa na mipaka yake

Dawa ni kuitenga dondoo, siyo kuisogeza alama. Toleo la 6.3 la Yunikodi, la mwaka 2013, lilileta alama fiche za kutenga: U+2067 hufungua sehemu ya kwenda kushoto, na U+2069 huifunga. Katika kurasa za mtandao kazi hiyo hufanywa hivi:

```
Strong, <bdi dir="rtl">KITAB ALSULWA</bdi>, 1895, 385-430.
```

Sasa tarakimu zinapotafuta nyuma, huiruka sehemu iliyotengwa na kulikuta jina la Strong. Basi huwa za Kizungu, na kistari huungana nazo. Nukta ya mwisho wa sentensi ya Kiarabu nayo iandikwe ndani ya sehemu iliyotengwa, ikiwa ni ya dondoo. Ikiwa ni ya sentensi ya mhariri, ikae nje. Pale ambapo programu haijui kutenga, alama fiche U+200E ikiwekwa mara baada ya neno la mwisho la Kiarabu huleta matokeo yayo hayo katika mfano wetu, kwa sababu ni kama herufi ya Kilatini isiyoonekana.

Hata hivyo dawa hii ina mipaka. Alama fiche hupotea matini inaponakiliwa kupitia programu zinazozifuta, nazo hazionekani kwa msahihishaji wa karatasi. Tena, hakuna kanuni inayojua maana: mashine haiwezi kutambua kama 3-7 ni sura na aya au ni kurasa. Uamuzi wa wapi dondoo inaanza na wapi inaishia ni wa mhariri, nao ni uamuzi wa kihakiki sawa na ule wa kuchagua kati ya miswada miwili. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tasnifu na kila toleo la matini za hati ya Kiarabu lieleze katika utangulizi wake jinsi dondoo zilivyotengwa, kama linavyoeleza mfumo wake wa unukuzi, na kwamba wasomaji wa prufu walinganishe marejeo yote yanayofuata neno la Kiarabu na mswada wa mwandishi, siyo na hisi ya jicho.