Nta ya Mlembe

Anayetaka kuandika juu ya uongo wake aanze kwa kuunakili uongo wenyewe, neno kwa neno, kama ulivyotoka. Majuto yasubiri, na sababu zisubiri. Wangu ulikuwa sentensi moja katika makala niliyoandika kuhusu Wahadza wa Yaeda Chini: “Walipokwisha kurina, mzee alikata kipande cha sega akakiweka juu ya jiwe, fungu la ndege.” Hakuna aliyeweka kitu juu ya jiwe.

Nilichokiona ni hiki. Mlembe, yule ndege mwonyesha asali, alituita kwa kelele zake mti hadi mti mpaka penye mbuyu. Mzee alichonga vigingi, akavigongomelea kwenye shina kimoja juu ya kingine, akapanda na kijinga cha moto kinachofuka moshi. Asali ikashuka, tukala. Kisha akayakusanya masega matupu na nta tuliyotema, akavitia vyote motoni, akakaa kuhakikisha vimeungua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ndege akishiba hamwiti mtu tena.

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyopata safari ile, nami nikaliacha. Hadithi inayopendwa inasema kinyume: usipomwachia ndege fungu lake, siku nyingine atakupeleka kwa simba au nyoka. Wasomaji waliitaka hiyo, nikawapa.

Gharama yake haikudaiwa kwa mkupuo. Mtu mmoja aliniuliza lile jiwe lilikuwa la namna gani, nami nikamweleza ukubwa wake. Mwalimu aliniambia anaisoma makala darasani, nikamshukuru. Nilipoandika tena kuhusu Yaeda niliikwepa asali, na kuwaelezea Wahadza bila asali ni kuwaelezea nusu. Polepole nikaona pia ni nani hasa aliyekuwa akilipa. Mzee yule anaijua njaa ya ndege na anaipigia hesabu. Mimi nilimgeuza mtu mpole anayetoa sadaka. Nilimnyang'anya akili yake, na watu wakanisifu kwa kumheshimu.

Hapo ndipo ufundi unapohitajika, kwa sababu uongo hujificha hata ndani ya ungamo. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: “Katika pilikapilika za uandishi taswira ya jiwe ikaingizwa, nasi tukaiacha kwa kuwa ilibeba roho ya jamii ile.” Ikaingizwa na nani? Tukaiacha sisi akina nani, ilhali nilikuwa peke yangu mezani? Na hiyo roho ya jamii ni hongo kwa msomaji. Rasimu iliyofuata ilikosea upande wa pili: nilijitukana aya nzima, mpaka rafiki aliyeisoma akaanza kunibembeleza. Ungamo likimfanya msomaji akubembeleze, bado unamdai kitu. Iliyobaki ni fupi: “Niliona nta ikichomwa. Niliandika kwamba iliwekwa juu ya jiwe, kwa sababu ilipendeza zaidi.”

Jean-Jacques Rousseau aliufanyia kazi ufundi huu kuliko wengi. Akiwa kijana mtumishi mjini Turin, mwaka 1728, aliiba utepe, na alipobanwa akasema amepewa na Marion, mpishi wa nyumba ile. Wote wawili wakafukuzwa. Aliuandika uongo huo miongo kadhaa baadaye katika kitabu chake cha maungamo, kisha akaurudia katika maandishi yake ya mwisho kabla ya kufa mwaka 1778. Naupenda ujasiri wake wa kutaja utepe wenyewe, jina la binti, na hata jinsi binti alivyomjibu. Lakini kisha anaeleza kwamba alimtaja Marion kwa kuwa alimpenda na alikuwa akilini mwake, na tangu hapo tunazidi kumfahamu Rousseau. Marion alikwenda wapi bila kazi wala sifa njema, yeye mwenyewe hakupata kujua.

Nilijifunza kwake kupunguza sehemu yangu. Nafasi iliyopatikana niliijaza kile nilichokificha. Utafiti wa Brian Wood na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba Wahadza huichoma nta, huifukia au huificha, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wao humwachia ndege nta. Hata mwito ni tofauti: Wahadza hupiga mluzi, Wayao hutoa mngurumo wa ulimi unaoishia kwa mguno, na utafiti wa Claire Spottiswoode na Wood wa mwaka 2023 ulikuta kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa watu wa kwao. Ndege wa Yaeda anawatambua watu wake. Sentensi yangu ilikuwa imewapa desturi ya watu wengine.