Taima Iliyoficha Kosa la Mpangilio

Mliokuwepo Jumamosi kwenye majaribio ya mkanda wa maji ya chupa mliona nilichokiona. Chupa isiyo na kizibo ilipita mbele ya sensa, na papo hapo mkono wa kutemea ukaruka, ukaisukuma nje chupa nzima iliyokuwa vituo vitatu mbele. Ile mbovu ikaendelea na safari yake hadi kwenye katoni. Mwenzetu aliyeandika programu akafungua kompyuta, akaingiza taima ya sekunde 1.5 kati ya kumbukumbu na mkono, akapakia, akarudia jaribio. Chupa mbovu ikatoka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu taima ile haikupaswa kuwekwa kabisa. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa vidato vya lada, na bado liko palepale.

Kazi ya waya ni safi, paneli ina lebo kila mahali, na kitufe cha dharura kinakata mota kupitia rilei ya usalama bila kuitegemea programu. Hapo sina neno.

Turudi kwenye lada. Sensa ya vizibo, X0, iko kituo cha 1. Mkono uko kituo cha 4. Kila gurudumu linapoisogeza chupa kituo kimoja, sensa ya pili, X1, inawaka, na programu inatengeneza pigo moja, P, linalodumu skani moja tu. Nia ya mwandishi ilikuwa njema: kila pigo, habari ya chupa mbovu isogee biti moja, kutoka M1 hadi M4, sambamba na chupa yenyewe. Akaandika hivi:

```
|--[P]--[ X0]--( SET M1 )
|--[P]--[/X0]--( RST M1 )
|--[P]--[ M1]--( SET M2 )
|--[P]--[/M1]--( RST M2 )
|--[P]--[ M2]--( SET M3 )
|--[P]--[/M2]--( RST M3 )
|--[P]--[ M3]--( SET M4 )
|--[P]--[/M3]--( RST M4 )
```

Ukiisoma kama mchoro wa waya, unaikubali: cha kwanza kinampa cha pili, cha pili kinampa cha tatu. Lakini PLC haisomi mchoro. Inapiga picha ya inputi zote kwa mkupuo mmoja na kuzihifadhi, kisha inapita kidato kwa kidato kutoka juu kwenda chini, halafu mwishoni inapeleka autputi kwenye vituo vya waya, inamaliza shughuli zake za mawasiliano, na kuanza upya. Kwenye paneli ile mzunguko mzima ulikuwa kama milisekunde 6. Wengi wanachokumbuka kuhusu skani ni kwamba inputi zimegandishwa: X0 iliyosomwa mwanzoni ndiyo hiyohiyo hadi mwisho. Wanachosahau ni kwamba biti za M hazigandishwi. Kidato kikiiwasha M1, inawaka kwenye kumbukumbu saa hiyohiyo, na kidato kinachofuata kinaikuta tayari inawaka.

Fuatilia pigo moja. Chupa mbovu iko mbele ya sensa, kidato cha 1 kinaiwasha M1. Kidato cha 3 kinauliza kama M1 inawaka, kinakuta inawaka, kinaiwasha M2. Cha 5 kinaikuta M2, kinaiwasha M3. Cha 7 kinaikuta M3, kinaiwasha M4. Skani haijaisha, na habari imeshafika kituo cha 4 wakati chupa bado iko kituo cha 1. Pigo linalofuata linaleta chupa nzima, na zote nne zinazima pamoja kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya vituo vinne pale. Kuna biti moja iliyopewa majina manne. Waliokaa karibu na monita waliona taa nne zikiwaka pamoja na kuzima pamoja, pigo baada ya pigo. Huo ulikuwa ushahidi wote uliohitajika.

Mnaojenga mnajua jinsi watu wanavyopokezana karai za zege siku ya kumwaga jamvi. Aliye mwisho wa mstari anatangulia kukabidhi, ndipo mikono yake iwe mitupu kwa karai linalofuata. Lada ya kusogeza biti inaandikwa vivyo hivyo, wa mwisho kwanza:

```
|--[P]--[ M3]--( SET M4 )
|--[P]--[/M3]--( RST M4 )
|--[P]--[ M2]--( SET M3 )
|--[P]--[/M2]--( RST M3 )
|--[P]--[ M1]--( SET M2 )
|--[P]--[/M1]--( RST M2 )
|--[P]--[ X0]--( SET M1 )
|--[P]--[/X0]--( RST M1 )
```

Vidato ni vilevile vinane, herufi kwa herufi. Kwenye pigo la kwanza, M4 inaiuliza M3 na kukuta sifuri, M3 inaiuliza M2, M2 inaiuliza M1, zote sifuri. Mwisho kabisa X0 inaiwasha M1. Hakuna kidato chini yake cha kuidaka, kwa hiyo habari inalala pale hadi pigo la pili, inapohamia M2. Pigo la nne linaiwasha M4, na wakati huo chupa mbovu imesimama mbele ya mkono.

Sasa tuitazame hiyo sekunde 1.5. Mkanda ulikuwa unapitisha chupa 120 kwa dakika, yaani chupa moja kila nusu sekunde. Kutoka kituo cha 1 hadi cha 4 ni hatua tatu, na hatua tatu ni sekunde 1.5. Hesabu ni sahihi, na usahihi huo ndio uliowafanya watu wapige makofi. Lakini ni sahihi kwa mwendo ule tu. Punguza mkanda hadi chupa 80 kwa dakika, kama kiwanda chochote kinavyofanya mashine ya kubandika lebo inapochelewa, na kila hatua inachukua sekunde 0.75. Taima inaisha baada ya hatua mbili. Chupa mbovu iko kituo cha 3, na mkono unaipiga iliyoitangulia, ambayo haina kosa lolote. Tumerudi pale pale, ila sasa kosa linakuja na kuondoka kulingana na mwendo, na fundi wa zamu ya usiku ataanza kuishuku sensa.

Kuna zaidi. Kwa kuwa M4 inawaka nusu sekunde tu, taima peke yake isingefika mwisho. Ikabidi mwenzetu aongeze biti nyingine, M20, ya kuishikilia hadi imalize. Zije chupa mbili mbovu mfululizo: ya kwanza inaiwasha M20, ya pili inaikuta tayari imewaka, haiongezi kitu. Taima inahesabu mara moja, mkono unapiga mara moja, na ya pili inaenda sokoni bila kizibo. Na mkanda ukisimama ghafla chupa mbovu ikiwa kituo cha 2, taima haisimami nao. Mkono utaruka kwa chupa yoyote iliyo mbele yake, na mkanda ukiwashwa tena, habari ya ile mbovu imeshafutika. Kumbukumbu inayohesabu mapigo inasimama chupa zinaposimama. Saa haina habari na chupa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi huyu anajua. Ukurasa mmoja juu, pale anapotengeneza lile pigo P, ameandika:

```
|--[X1]--[/M11]--( P )
|--[X1]----------( M11 )
```

Hapo mpangilio ni kamili. P inawaka kwa sababu M11 bado inakumbuka hali ya skani iliyopita; kidato cha pili ndicho kinachoisasisha. Vigeuze hivi viwili na P haitawaka kamwe, maana M11 itakuwa imeshaiwahi X1. Aliiona hoja kwenye vidato viwili, akaipoteza kwenye vinane. Na pigo hili ni la lazima. Bila hilo, sensa inayowaka milisekunde 100 ingezisogeza biti kama mara 16 kwa chupa moja, hata kwa mpangilio ulionyooka.

Nimeshalalamika humu juu ya taima zinazobandikwa kama plasta, na juu ya koili moja kuandikwa mara mbili halafu watu wanashangaa ya chini ndiyo inayoshinda. Mzizi ni mmoja. Tunafundishwa lada kama mchoro wa rilei, na kwenye paneli ya rilei mchoro ukigeuzwa juu chini hakuna kinachobadilika, kwa kuwa umeme unafika kila koili kwa wakati wake bila kujali karatasi. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, walioanza kuchora wazo lao Januari 1968 na kulitoa kama Modicon 084, walichukua sura ya lada ili mafundi umeme wasipotee. Jina hilo lilitokana na kuwa mradi wao wa 84. Sura ikabaki ile ya rilei, lakini ndani mambo yanakwenda moja baada ya jingine. Modicon 984 za baadaye hata zilipita ndani ya kila mtandao safu wima moja baada ya nyingine, kila moja kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo nafasi ya kontakti kulia au kushoto nayo ilikuwa na uzito.

Mzee aliyenifunza kazi hakuwa na PLC. Alikuwa na gurudumu la chuma lenye pini pembeni, lililofungwa kwenye shafti ileile ya mkanda. Bidhaa mbovu ilisukuma pini, pini ikazunguka na mkanda, ikagusa swichi ya mkono ilipofika. Mkanda ukienda pole, pini inaenda pole, ukisimama, inasimama. Sikuwahi kumwona akitafuta saa ya kupima safari ya chupa, na mkono wake haukukosea.

Asiyetaka kuandika vidato vinane atumie amri ya kusogeza iliyomo kwenye mashine, SFTL kwa Mitsubishi au BSL kwa Allen-Bradley. Mpangilio wa ndani umeshatunzwa. Wenye ControlLogix wakumbuke kwamba inputi zake zinaweza kubadilika katikati ya skani, kwa hiyo X0 inakiliwe kwanza kwenye biti ya ndani, na vidato vyote viisome nakala hiyo.

Mwenzetu ana siku tisa kabla ya makabidhiano. Afute taima na M20, avigeuze vidato vinane, na kidato cha mkono akiweke chini yake, ingawa akikiacha juu atachelewa milisekunde 6 tu na chupa haitahisi. Kisha apake rangi nyekundu chupa mbili zisizo na vizibo, azipitishe zikifuatana kwa mwendo wa 120, kisha 80, kisha auzime mkanda zikiwa kituo cha 2 na cha 3 na kuuwasha tena. Kwenye monita taa zitembee hatua moja moja kutoka M1 kwenda M4. Zikiwaka nne pamoja, programu isipokewe.