Uzito, Mzio na Tarehe: Uhakiki wa Ujanibishaji wa Lebo ya Unga wa Lishe kwa Msomaji wa Kumsenga, Kibondo

Lebo ya chakula ni matini fupi yenye wasomaji wawili. Wa kwanza ni mkaguzi, anayeipima kwa kiwango. Wa pili ni mama aliyesimama dukani na mtoto mgongoni, naye hana kamusi wala muda wa kutosha. Tafsiri nyingi za lebo kutoka Kiingereza hufanywa kana kwamba yupo wa kwanza tu. Katika kata ya Kumsenga, wilayani Kibondo, tatizo hili huonekana kwa namna ya pekee. Wakazi wengi huzungumza Kiha nyumbani na kukitumia Kiswahili sokoni na katika zahanati. Vilevile mpaka wa Burundi uko karibu, na wakimbizi wa Kirundi waliohifadhiwa Nduta na Nyarugusu wamezoea maandishi ya Kifaransa.

Uhakiki huu unachunguza lebo ya mfano iliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi, ya mfuko wa gramu 500 wa unga wa lishe wenye mahindi, soya, karanga na maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Matini chanzi ya Kiingereza ina vipengele vinavyohitajika na Kiwango cha Kodeksi CXS 1-1985 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38. Tafsiri inayohakikiwa ilifuata mpangilio wa chanzo neno kwa neno. Matokeo yake ni haya: *Uzito halisi: 500 gms. Vizio: Ina karanga, soya, maziwa. Inaweza kuwa na karanga. Tumia kabla ya: 04/2025.*

Kwa mtazamo wa nadharia ya Skopos ya Vermeer, tafsiri hupimwa kwa lengo lake katika utamaduni pokezi. Hoja hiyo inafaa hapa, ila haitoshi. Katika lebo, mfasiri hana uhuru wote ambao nadharia hiyo humpa, kwa kuwa baadhi ya maneno yana maana ya kisheria, na kuyabadilisha ni kubadilisha wajibu wa mzalishaji.

Kipengele cha uzito ndicho chenye madhara madogo zaidi. Neno “halisi” lina mzigo wake. Mwuza asali wa Kibondo husema “asali halisi” akimaanisha isiyochanganywa, na msomaji anaweza kudhani kuwa lebo inajisifu kuwa haikupunja. Hata hivyo istilahi “uzito halisi” imezoeleka katika vifungashio, na mfuko mtupu una uzito wa gramu chache tu. Kuibadilisha kungemkwaza mkaguzi bila kumfaa sana mnunuzi. Linaloweza kurekebishwa bila gharama ni alama ya kipimo: gramu huandikwa *g*, bila *m* wala *s*. Hatari kubwa zaidi imo katika tarakimu. Mfuko mkubwa wa kilo moja na nusu ukiandikwa *1,500 g*, msomaji aliyezoea Kifaransa, ambacho hutenga desimali kwa mkato, anaweza kusoma gramu moja na nusu. Kosa hilo ni dhahiri mno kumdanganya mtu aliyeubeba mfuko, lakini katika jedwali la virutubishi, ambako 1,500 na 1.5 zote zinawezekana, hakuna mfuko wa kupima kwa mkono. Kuandika *1.5 kg* juu ya mfuko na kuepuka alama ya maelfu katika jedwali kunatosha.

Kipengele cha mzio ndicho kinachobeba uzito wa uhakiki huu. Kwanza, “vizio”. Neno “mzio” limekubalika kwa hali ya mwili kukikataa kitu, na mfasiri ameunda “kizio” kutaja kinachosababisha hali hiyo. Uundaji huu hauvunji kanuni ya mofolojia, lakini “kizio” tayari lina kazi nyingine katika Kiswahili. Mwanafunzi wa shule hulijua kama kipimo, na katika jiografia kama nusu ya tufe. Likiwekwa chini ya jedwali lililojaa gramu na miligramu, msomaji atalisoma kama kichwa cha vipimo. “Visababishi vya mzio” ni refu zaidi, lakini haliwezi kukosewa.

Pili, “Ina”. Kiambishi *i-* hakina nomino ya kurejelea. Bidhaa ni unga, na unga huchukua *u-*. Sentensi kamili, “Unga huu una karanga, soya na maziwa”, huongeza maneno matatu tu, nayo hutaja chakula chenyewe.

Tatu, na hapa ndipo tafsiri inapokuwa ya hatari, ni “Inaweza kuwa na karanga”. Matini chanzi haikutaja karanga katika mstari huo. Ilitaja kundi jingine, yaani jamii ya korosho na lozi, zinazokua juu ya miti. Kodeksi hutenganisha makundi haya mawili katika orodha yake, kwa sababu karanga ni ya jamii ya kunde na mtu anaweza kudhurika na moja pasipo kudhurika na nyingine. Kiswahili hakina neno moja la kila siku linalolibeba kundi la pili. “Njugu” halisaidii: Nairobi ni karanga, na Tanzania mara nyingi ni njugu mawe, ambazo nazo ni kunde. Mfasiri alichukua neno lililo karibu, na kwa hiyo lebo inasema unga una karanga, kisha inasema huenda una karanga. Mama mwenye mtoto anayedhurika na korosho haonywi popote.

Suluhisho halimo kamusini. Mfasiri hana budi kumwuliza mzalishaji ni nini kingine kinachosagwa katika kinu hichohicho. Jibu likiwa korosho, lebo iseme: “Huenda una mabaki ya korosho, kwa kuwa umesagwa katika mashine inayosaga pia korosho.” Kundi la kisayansi limepotea, lakini hatari halisi imetajwa kwa jina lake. Kama kinu husaga lozi pia, neno hilo liongezwe. Kielezi “huenda” kimefaulu kuliko “inaweza”, kwa kuwa “inaweza” hudokeza uwezo au hiari ya mapishi.

Kuhusu tarehe, kosa ni la kugeuza aina ya kauli. Kodeksi, katika marekebisho ya 2018, ilitofautisha wazi tarehe ya ubora na tarehe ya usalama. Baada ya ya kwanza chakula kinaweza bado kulika. Baada ya ya pili hakipaswi kuuzwa wala kuliwa. Matini chanzi ilitumia ya kwanza, pamoja na kauli ya “mwisho wa” mwezi, kwa kuwa unga unadumu zaidi ya miezi mitatu na siku haihitajiki. “Tumia kabla ya” ni amri, na msikilizaji wa Kiswahili huisikia kama onyo la sumu. Vilevile “kabla ya Aprili” huitoa Aprili nzima, hivyo mfuko umepunguziwa mwezi mmoja. Katika kaya inayonunua unga wa lishe kwa fedha za mavuno ya maharage, mwezi huo unaweza kuwa chakula kilichotupwa.

Tafsiri inayopendekezwa ni: “Ubora wake hudumu hadi mwisho wa Aprili 2025, ukihifadhiwa pakavu.” Jina la mwezi limeandikwa kwa herufi ili tarakimu zisigombane. Sharti la uhifadhi halikuongezwa kwa mapambo, kwani tarehe ya ubora haina maana nje ya hali ya uhifadhi iliyotajwa, na nyumba za Kumsenga hupata unyevu mwingi wakati wa masika. “Usitumie baada ya” ibaki kwa bidhaa ambazo mzalishaji mwenyewe ameziwekea tarehe ya usalama. Mfasiri hana mamlaka ya kuichagua kwa niaba yake.